Duka la darasani: chenji kwa darasa la pili, na sehemu watoto wanapokwama

Nafundisha darasa la pili, shule ya msingi ya serikali pembezoni mwa Morogoro, darasa lina watoto zaidi ya sitini na madawati ya kukaa watatu watatu. Naandika haya kwa walimu wanaokaribia mada ya pesa, maana hii mada kwenye andalio la somo inaonekana nyepesi kabisa, unaandika "wanafunzi wataigiza kununua na kuuza", unapiga mstari, basi. Siku yenyewe ikifika ndo unaona kazi ilipo.

Shida yenyewe ilianzia ubaoni kabla ya duka. Niliwapa swali, umeenda na elfu moja, daftari shilingi mia saba, chenji ngapi. Sehemu kubwa ya darasa wakapanga wima, 1000 juu, 700 chini, wakaanza kutoa. Sifuri toa sifuri sifuri, tena sifuri, wakifika kwenye sifuri toa saba wanaona haiwezekani kwa hiyo wanageuza, saba toa sifuri, wanaandika saba, ile moja wanaishusha, jibu 1700. Yaani mtoto anatoka nyumbani na elfu, anarudi na daftari na elfu na mia saba juu. Na hawashtuki! Sasa katika hao hao kuna binti mmoja mama yake anauza maandazi asubuhi na yeye ndo anayepokea hela, huyo naye kaandika 1700. Nikamwita pembeni nikamwambia mimi nimenunua maandazi ya mia saba nikakupa buku, utanirudishia ngapi, hakusubiri hata nimalize, mia tatu. Nikamuuliza umejuaje, akaonyesha kwa vidole, "mia nane, mia tisa, elfu".

Hapo ndo mpango mzima wa somo ukageuka. Yule mtoto hatoi, anaongeza. Anaanzia kwenye bei anapanda mpaka afike kwenye hela aliyopewa, na kile alichokipandia ndo chenji. Mangi dukani anafanya hivyo hivyo, mama wa genge anafanya hivyo hivyo. Kutoa kwa kukopa kwenye sifuri tatu mfululizo ni kazi ngumu kwa mtoto ambaye namba zake ndo kwanza zinafika kwenye mamia, na hela yetu haimpi nafasi ya kuanzia chini, huwezi kufundisha chenji ya shilingi tatu au nne maana hakuna mtu anayezishika. Kwa hiyo nikaamua duka litafundisha kitu kimoja tu, kupanda kutoka kwenye bei, na tutahesabu kwa mia, yaani mia ndo moja yetu. Hamsini nikaiweka kando kwanza. Kutoa kwa wima tutarudia baadae, na tukirudia watakuwa na njia ya kujua kwamba 1700 haiwezekani.

Kuhusu duka lenyewe, wengi tumezoea lile la meza moja mbele ya darasa, maboksi ya sabuni na makopo yamepangwa, muuzaji mmoja, mnunuzi mmoja. Linapendeza hasa akija mgeni. Ila hesabu mwenyewe, kwa darasa la sitini wawili wanafanya kazi na waliobaki wanatazama, na dakika thelathini za kipindi zikiisha labda watoto nane ndo wameshika hela. Mimi nikataka kila wawili wawe na duka lao. Na hapo swali likawa moja, duka moja linahitaji hela ngapi, maana natakiwa kutengeneza maduka zaidi ya thelathini kwa mkono.

Hii sehemu naomba uisome taratibu kwa sababu ndo iliyoniokolea usiku mzima wa kukata makadibodi. Mnunuzi ana noti moja ya elfu. Bidhaa zote ni za mia kamili, kuanzia mia moja hadi mia tisa. Muuzaji anahitaji sarafu gani ili aweze kurudisha chenji yoyote? Ukifikiria haraka utasema sarafu kumi za mia. Kumbe nne zinatosha, mia tano moja, mia mbili mbili, na mia moja moja. Jaribu, chenji ya mia tatu ni mia mbili na mia, mia nne ni mia mbili mbili, mia sita ni jero na mia, mia saba ni jero na mia mbili, mia nane ni jero na mia mbili na mia, mia tisa ni jero na mia mbili zote mbili. Zote zinapatikana. Na uzuri mwingine, zile sarafu nne jumla yake ni elfu kamili, kwa hiyo mwisho wa kipindi mtoto mwenyewe anakagua droo yake, sarafu zikifika elfu hakuna kilichopotea. (Walio Kenya mnaweza kufanya hivyo hivyo kwa mia moja, hamsini moja, ishirini mbili na kumi moja, inaingia vile vile.)

Ila siku ya kwanza usianze na hizo nne. Siku ya kwanza kila duka lipate sarafu za mia tupu, tisa. Mtoto anapanda hatua moja moja, mia nane, mia tisa, elfu, kila hatua sarafu moja mezani. Hizi ni nyingi kukata lakini ni viduara tu vya kadibodi. Wapo walimu wanatumia vizibo vya soda vyenye namba ya markapeni, kwa mia tupu vinafaa sana, tatizo linakuja ukichanganya sarafu, vizibo vyote vina ukubwa mmoja na rangi zinachanganya, na mtoto anakuwa anasoma namba badala ya kutambua sarafu. Kwa zile za aina tatu mimi niliwafanya watoto watengeneze wenyewe siku moja kabla, unaweka sarafu halisi chini ya karatasi unasugua penseli juu taratibu mpaka picha inatokea, ya mia mbili wanaona simba, ya mia tano nyati, halafu tunakata tunabandika kwenye kadibodi kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa. Sarafu halisi nilikuwa nazo chache tu nazipitisha dawati kwa dawati nazihesabu kabla na baada, sarafu halisi darasani zina tabia ya kuhama. Noti tulichora tu mstatili wa kadibodi tukaandika 1000 na kuipaka bluu. Usipige fotokopi noti halisi, hata kwa nia njema, hiyo ni njia ya kujitafutia kesi.

Gharama, maboksi nilipewa bure dukani, markapeni mbili, unga robo, jumla haikufika elfu tano ya mfukoni mwangu. Ila muda ndo gharama yenyewe, jioni mbili tatu nimekaa na mkasi na mkono unauma, mume wangu ananiuliza unafungua benki.

Hela za kila duka nikaziweka kwenye kiboksi cha kiberiti, watoto walileta wenyewe. Hilo ni jambo dogo lakini bila hivyo ugawaji unakula nusu ya kipindi. Bidhaa sikuleta kabisa, nilitumia kadi, kila duka kadi sita, picha na bei, ubuyu mia, penseli mia mbili, nyanya mia tatu, chumvi mia nne, sabuni mia sita, daftari mia saba. Utaona nimeruka mia tano na hiyo ni makusudi. Kitu cha mia tano ukilipia elfu chenji ni mia tano, sasa mtoto ambaye anarudisha bei badala ya chenji, na wapo wengi, hapo anapata, na aliyekisia anapata, unampigia vema kumbe hajui kitu. Kwa zoezi la kupima, mia tano ni swali bovu.

Nikaomba vipindi viwili vifuatane, saa nzima, na tukatoka nje chini ya mwembe maana kwenye dawati la watatu huwezi kupata wawili wawili wakitazamana. Wakakaa kwenye mikeka. Kadibodi hapo zilisaidia, karatasi tupu upepo ungezibeba mpaka barabarani.

Nikaanza mwenyewe na yule binti wa maandazi, yeye muuzaji mimi mteja, wote wanatazama, dakika kumi hivi. Kuna sheria tatu tulizozionyesha. Kwanza noti ya mteja haiingii kwenye kiboksi mpaka chenji imalizike, inakaa wazi katikati ya mkeka. Wauza duka wazoefu wanafanya hivi kukwepa ule ubishi wa "nilikupa elfu kumi", lakini kwa mtoto ina kazi nyingine, inamkumbusha anapanda kwenda kufika wapi. Pili muuzaji anaweka mkono juu ya kadi ya bei anaitaja kwa sauti, ndipo anaanza kuweka sarafu, kila sarafu na namba yake. Tatu mteja haondoki na chenji mpaka naye ameihesabu upya kuanzia kwenye bei, wakikubaliana anasema "imetimia". Baada ya mauzo matatu wanabadilishana kazi, mimi napiga kibati.

Tukaanza. Kelele zilikuwa kama stendi ya Msamvu. Mwalimu mkuu akatoka ofisini akasimama pale kwa mbali anatazama, mimi moyo unaenda mbio, akarudi zake ndani.

Sasa nikaanza kuzunguka, na hapa ndo mambo ya kujifunza yalipo. Kosa lililojaa kila mkeka ni hili, daftari mia saba, mtoto anasema "mia saba" na anaweka sarafu, "mia nane" sarafu, "mia tisa" sarafu, "elfu" sarafu. Nne. Anahesabu vizuri kabisa ila amelipia na pale anaposimama. Dalili yake ni rahisi, chenji inazidi mia moja kila mara, bidhaa yoyote ile. Ukiona mtoto kakosea kwa mia ile ile mara mbili mfululizo usimfundishe hesabu upya, hajui tu aanzie wapi. Dawa ni ule mkono juu ya kadi. Wale waliokuwa wanaupuuza niliwaambia mkono ukiwa kwenye kadi hauwezi kushika sarafu, ukitamka bei mkono uko kwenye kadi, basi. Wengi walinyooka pale pale.

La pili lilikuja kipindi kilichofuata tulipobadilisha kwenda kwenye zile sarafu nne. Mtoto mmoja wa kiume, makini sana, chumvi mia nne, akaweka sarafu ya mia akasema mia tano, sawa, akaweka ya mia tano akasema mia sita, zile mbili za mia mbili akasema mia saba, mia nane, halafu akanitazama anasema mwalimu hela imeniishia. Alikuwa anahesabu vipande, si thamani. Kila kipande kwake ni mia. Huyu dalili yake ni tofauti na yule wa kwanza, yeye sarafu kubwa ikiingia tu ndo anapotea, kwa mia tupu yuko sawa kabisa, kwa hiyo bila ile siku ya kwanza nisingejua tatizo liko wapi. Tulichofanya ni kugonga, sarafu ya mia mbili unaigonga kidole mara mbili huku unahesabu, ya mia tano mara tano. Anagonga mia sita, mia saba, mia nane, mia tisa, elfu, imefika. Baada ya muda wanaacha kugonga wenyewe, usiwakataze na usiwaharakishe.

Na kuna mpangilio wa kuweka sarafu unaorahisisha. Waambie waanze na ndogo mpaka wafike mia tano, halafu jero ndo imalizie. Nyanya mia tatu, weka mia mbili, mia tano hiyo, weka jero, elfu. Penseli mia mbili, weka mia, mia tatu, weka mia mbili, mia tano, weka jero, elfu. Mia tano inakuwa kituo cha njiani. Wakianza na jero kwenye penseli, kutoka mia mbili wanaruka mpaka mia saba, wengi wanateleza hapo. Bei ikiwa juu ya mia tano jero haina kazi, hilo nalo watoto waligundua wenyewe na wakawa wanaificha kabisa mauzo ya daftari na sabuni yakifika.

Kuhusu kuwapanga wawili wawili, ushauri niliopewa na wenzangu ni kumweka mwenye uwezo na asiyeweza. Nilifanya hivyo na kwa mauzo ya kwanza ilionekana inaenda, mpaka nilipokaa chini na kusikiliza, kwenye mikeka mingi yule anayeweza alikuwa anahesabu kazi zote mbili, akiwa muuzaji anahesabu, akiwa mteja anamwambia mwenzake "weka hiyo, na hiyo". Mwenzake anasogeza vidude tu. Nikabadilisha, nikawaweka wanaokaribiana, wale wawili wasiojua kabisa nikawapeleka karibu na nilipokaa na wakabaki na mia tupu wiki nzima, wala hawakujali maana kila duka lilikuwa na kazi zake. Na niliweka sheria mteja haruhusiwi kugusa sarafu kabla muuzaji hajasema amemaliza. Mtoto aliyebaki peke yake bila mwenzi usimfanye mtazamaji, nilimpa kazi ya benki, anapita kwenye mikeka kuchenji noti kwa sarafu, na hiyo kazi waligombania.

Kuna mambo hukuyapanga ila watoto wanaleta maisha yao dukani. Mmoja alikataa kuuza penseli mia mbili anasema kwa Mangi ni mia, ilibidi nimwambie hili duka lina kodi. Mwingine akamwambia muuzaji "andika, mama atalipa kesho", na muuzaji akatafuta daftari kabisa aandike deni. Wengine chenji ikiwa ngumu wanampa mteja kadi ya ubuyu badala ya mia, wameona wapi, si dukani huko huko. Nilicheka lakini nikasema hapa chenji ni hela. Na kuna jambo moja la kuangalia kwa macho mawili, wapo watoto ambao nyumbani hawatumwi dukani na noti, hela nyumbani kwao ni adimu, elfu kwake ni kitu cha baba. Hao wanakuwa wazito si kwa sababu ya hesabu, wanaogopa kukosea na hela hata kama ni ya kadibodi. Wenzao wakianza kuwacheka somo limekufa kwao. Mimi nilianza nao kama wateja kwanza raundi mbili, mteja anahesabu baada ya mwenzake kwa hiyo ameshasikia namba, ndo wakawa wauzaji.

Ushahidi wa maandishi, maana mthibiti ubora akija hakuti mikeka, anakuta madaftari. Kila mtoto alichora safu tatu, bei, nimetoa, chenji, na anajaza akiwa muuzaji. Mimi nilikuwa nakaa na mikeka mitatu au minne kwa kipindi, sikimbii kote, naandika jina na kosa lake, "anaweka sarafu kwenye bei" au "anahesabu vipande" au "anarudisha bei", basi hayo matatu yalinitosha. Huyo wa tatu, anayerudisha bei, ndo mgumu zaidi, nyanya mia tatu anarudisha mia tatu, kwa sababu hajaelewa kabisa chenji ni nini. Kwake huongezi mazoezi. Unamfanya mteja, unamwambia daftari mia saba, elfu yako ikatwe vipande kumi vya mia, mpe Mangi saba zake umkabidhi mkononi, hizo zilizobaki mkononi mwako ni za nani? Mara kadhaa hivyo ndipo anarudi dukani.

Baada ya hapo nikaondoa sheria moja, kwamba kila mauzo yakiisha hela zinarudi sehemu yake. Noti ikabaki kwa muuzaji, sarafu zikabaki kwa mteja, na mteja wa pili akaja na noti nyingine kutoka benki. Mauzo ya pili tu droo zikaanza kukauka. Mkeka mmoja walikwama kwenye sabuni ya mia sita, chenji inatakiwa mia nne, muuzaji kabakiwa na jero na mia mbili moja. Wakaniita, nikanyamaza, wakabishana, halafu muuzaji akamwambia mwenzake sauti ile ile ya dukani, "una mia hapo nikupe jero?" Mteja akatoa mia. Nikawauliza ni sawa kweli, wakapanda upya, mia sita mpaka elfu na mia, mia saba, mia nane, mia tisa, elfu, elfu na mia, wakagonga jero mara tano, imetimia. Hilo sikuliandika kwenye andalio, na si wote walilifikia, labda mikeka mitano sita. Mwaka huu nimeliweka kama kazi ya wanaomaliza mapema. Hamsini naileta wiki inayofuata kwa bidhaa mbili tu, barafu mia moja hamsini na kiberiti mia mbili hamsini, na kila duka linaongezewa sarafu moja ya hamsini ambayo inawekwa ya kwanza kabla ya zote, ili bei ifike kwenye mia kamili halafu mengine yaende kama walivyozoea.